Umeitwa kazini na duka la familia Moshi, na kila kitu ni cha mdomo: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Kwa miaka 11 nimefanya mahesabu ya maduka ya familia hapa Moshi, mengi yakiwa ya vifaa vya ujenzi. Katika miaka hiyo nimeona vijana wakiajiriwa kwa maneno matamu na kuondoka kwa maneno makali, na karibu kila mara ugomvi ulikuwa juu ya jambo ambalo lingeulizwa siku ya kwanza lingechukua dakika mbili.

Majibu haya yanafuata ofa moja, maana ofa za namna hii zinafanana sana. Kijana wa Ngaramtoni, Arusha, ni karani wa stoo kwenye kampuni ndogo. Mshahara wake ni 380,000 kwa mwezi, anakatwa NSSF, anatoka kazini saa kumi na moja jioni. Rafiki yake wa shule, mtoto wa kwanza wa mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi Moshi, akampigia simu: "Njoo utusimamie duka. Laki nne na nusu mkononi, chumba kipo pale uani, mchana unakula cha nyumbani, na kamisheni asilimia moja ya mauzo. Baada ya miezi mitatu tunakuangalia. Wewe ni mtu wa nyumbani."

Bila karatasi, hiyo ni ajira kweli mbele ya sheria?

Ni ajira. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, jinsi ilivyorekebishwa, inataka mkataba uwe wa maandishi, lakini kukosa karatasi hakuifuti ajira. Ukifanya kazi na kulipwa, makubaliano ya mdomo nayo yanafunga.

Tena sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri akupe maelezo ya ajira kwa maandishi unapoanza: kazi yako ni ipi, umeanza lini, unafanyia wapi, saa ngapi, mshahara kiasi gani na unakokotolewaje, marupurupu ni yapi. Na hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mkifikishana kwenye vyombo vya sheria na mwajiri akashindwa kutoa maandishi hayo, mzigo wa kuthibitisha unamwangukia yeye. Wewe ukisema mshahara ulikuwa 450,000 naye akasema 300,000, yeye ndiye anayetakiwa kuonyesha kwamba unachosema si kweli.

Hiyo ni ngao nzuri, lakini ina mipaka. Inahusu yale mambo yaliyotajwa na sheria tu, na haimsaidii anayefanya kazi chini ya siku 6 kwa mwezi kwa mwajiri mmoja. Tena ngao huja baada ya kugombana. Unapopima ofa, swali lako ni la mapema zaidi: katika haya niliyoahidiwa, lipi lina mtu wa kulitimiza, lina kiasi, na lina tarehe?

Nani hasa ananiajiri?

Ningemwomba kila mtu aanze hapa, hata kabla ya kuuliza mshahara. Kwenye duka la familia, mwenye maneno, mwenye fedha na mwenye leseni huwa watu watatu.

Kwenye ofa ya kijana wetu, aliyeahidi ni mtoto wa kwanza. Leseni ya biashara na TIN ni za mzee. Funguo za droo ya pesa ziko kwa mama, ambaye ndiye anayelipa vibarua Jumamosi. Na kuna binti yuko Dar es Salaam, anayeagiza mabati na kutuma fedha. Asilimia moja ya mauzo ilitamkwa na mtu ambaye hana funguo wala leseni.

Nalijua hili kwa maumivu. Mwaka wangu wa kwanza kazini niliahidiwa na mtoto wa mwenye duka nyongeza ya 80,000 nikimaliza kusafisha vitabu vya miaka 2 iliyopita. Nilikesha navyo. Nilipomaliza, mzee aliniuliza kwa upole kabisa, "Nani alikwambia hivyo, mwanangu?" Hakuwa ananidhulumu. Hakuwahi kuambiwa.

Kwa hiyo nenda dukani, usalimie, utazame leseni iliyobandikwa ukutani: ina jina la nani? Kama ni kampuni iliyosajiliwa BRELA, mwajiri wako ni kampuni, na mzee akifariki ajira inaendelea. Kama ni jina la mzee mwenyewe, mzee akifariki madai yako yanakuwa deni la mirathi, na utamsubiri msimamizi wa mirathi pamoja na wadai wengine. Kisha omba kikao kimoja ambacho mwenye leseni na mwenye funguo wote wapo, na rafiki yako arudie ahadi zake mbele yao. Akikwepa kikao hicho, umeshapata jibu la maana kuliko mengine yote.

Wananipa 450,000 mkononi, na sasa hivi napata 380,000. Si nimepanda?

Tuhesabu pole pole. Kwenye 380,000 zake za Arusha, kijana anakatwa asilimia 10 ya NSSF, yaani 38,000, na kodi ya mshahara kama 5,800. Anabaki na takriban 336,000. Lakini mwajiri wake naye anaweka 38,000 nyingine NSSF, kwa hiyo kila mwezi 76,000 inaingia kwenye akiba yake. Jumla ni kama 412,000. Ofa ya Moshi haikutaja NSSF kabisa. Tofauti iliyobaki ni 38,000.

Halafu saa. Duka linafunguliwa saa moja na nusu asubuhi na kufungwa saa moja jioni, Jumatatu hadi Jumamosi. Ukitoa saa moja ya chakula, ni saa 63 kwa wiki. Arusha anafanya 45. Ukigawa fedha kwa saa, Arusha anapata kama shilingi 2,100 kwa saa, Moshi kama 1,650.

Tuwatendee haki: chumba na chakula vina thamani. Tuseme chumba kinamwokolea 50,000 na chakula cha mchana 65,000. Hapo ofa ya Moshi inafika kama 2,070 kwa saa, karibu sawa na ya Arusha. Lakini angalia usawa huo umesimama juu ya nini. Umesimama juu ya sahani ya mchana na chumba cha uani, vitu viwili ambavyo havina tarehe, na vinavyoondoka wa kwanza mjukuu akija kusoma mjini au mama akisafiri.

Neno "mkononi" nalo liulizwe. Familia ikija kukuandikisha NSSF baadaye na kuichukulia 450,000 kuwa mshahara kabla ya makato, utabaki na 394,200. Ili wewe ubaki na 450,000 kamili, mshahara kabla ya makato unatakiwa kuwa kama 517,000, na wao waongeze karibu 52,000 ya upande wao. Wengi wanaotamka "mkononi" hawajawahi kufanya hesabu hii. Ifanyeni pamoja mezani.

Wamesema nitaandikishwa NSSF nikishazoea. Ni kawaida?

Ni kawaida, na ni kinyume cha sheria. Kuandikishwa hakungoji mtu azoee. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, ambapo mwajiri anaruhusiwa kukukata hadi nusu yake, na unatakiwa kuwasilishwa ndani ya mwezi mmoja baada ya mwezi unaohusika kuisha. Ukikubali kazi, baada ya miezi 2 nenda ofisi ya NSSF ukaombe taarifa ya michango yako. Kukatwa na kutowasilishiwa ni kubaya kuliko kutokatwa, kwa sababu fedha imeshatoka mfukoni mwako.

Kamisheni ya asilimia moja ya mauzo ni nzuri?

Inategemea kama mwenye duka anaimudu. Watu hupima ahadi kwa ukubwa wake. Mimi huipima kwa kuuliza inamgharimu kiasi gani anayeahidi.

Tuseme mfuko wa simenti unauzwa 17,000 na faida yake ni 500. Asilimia moja ya mauzo ni 170. Yaani theluthi ya faida ya mfuko huo inakwenda kwako, kabla ya kodi ya pango, umeme na vibarua. Kwenye misumari, bawaba na rangi faida ni nene na asilimia moja haiumi. Lakini maduka haya mauzo yake makubwa ni simenti, nondo na mabati, ambako faida ni nyembamba. Mwezi wa kwanza ambao mradi mmoja utachukua mifuko 600, kamisheni yako kwa mzigo huo tu itakuwa 102,000, na mama mwenye funguo atashtuka. Hapo ndipo ahadi inapoanza kupata masharti ambayo hukuyasikia kwenye simu.

Ukiona ahadi ambayo mtoaji hakuihesabu, msaidie kuihesabu. Pendekeza asilimia ya faida, au asilimia moja kwa bidhaa ndogondogo tu na kiasi maalumu kwa kila mfuko wa simenti, hata shilingi 30. Itaonekana umejipunguzia, lakini 30 inayolipwa inazidi 170 inayogombaniwa.

Kisha uliza la pili: mauzo ni nini? Fundi akichukua mabati kwa mkopo leo akalipa baada ya miezi 3, kamisheni ni ya leo au ya siku ya kulipa? Asipolipa kabisa je? Jibu la haki, kwa maoni yangu, ni kulipwa kamisheni fedha inapoingia. Kubali hivyo, lakini kijulikane.

Wananiita "meneja". Kuna ubaya?

Upo, usipokuwa mwangalifu. Saa za kawaida kisheria ni 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku. Zinazozidi zinalipwa mara moja na nusu, kwa makubaliano, na hazitakiwi kupita 50 katika wiki 4. Saa 63 za duka hili zina 18 za ziada kila wiki, yaani 72 kwa wiki 4.

Lakini kanuni hizo za saa hazimhusu mfanyakazi anayesimamia wenzake kwa niaba ya mwajiri na kuripoti moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Jina peke yake haliamui. Kinachotazamwa ni kazi unayofanya. Kama "umeneja" wako ni kuuza, kupima nondo na kufagia, na wasaidizi wanaamriwa na mama, wewe ni muuzaji na una haki ya malipo ya saa za ziada. Kama unawasimamia watu kweli, jua kwamba 450,000 ndiyo imeshabeba zile saa zote, na uombe mshahara unaolingana nazo.

Na chumba cha uani?

Uliza mambo mawili tu. Usiku lori la mabati likifika, nani anafungua geti? Kulala dukani mara nyingi ni ulinzi usiolipwa. Na kazi ikiisha, unapewa siku ngapi za kuhama?

Mali ikipungua stoo, nitakatwa mimi?

Hapa ndipo nimeona machozi mengi, kwa hiyo nikae kidogo.

Kwenye duka la familia, familia huchukua mali. Mdogo wake rafiki yako anajenga Rombo, atapita Jumapili na Canter achukue mabati 12. Shangazi wa Kibosho ataomba rangi ndoo moja. Mzee mwenyewe atamtuma kijana alete mifuko 5 kanisani kama mchango. Hakuna ubaya, ni mali yao. Ubaya ni kwamba hakuna anayeandika. Desemba inafika, watoto wanapanda kutoka Dar kuja nyumbani kwa Krismasi, familia inakaa, stoo inahesabiwa, na upungufu unatazamana na mtu mmoja asiye wa ukoo aliye na funguo.

Sheria inakulinda kiasi. Mwajiri hawezi kukukata kwa hasara mpaka uwe umekubali kwa maandishi, hasara iwe imetokea kazini kwa kosa lako, upewe nafasi ya kujieleza, na makato yasizidi robo ya mshahara wako wa fedha. Lakini ulinzi wa kweli ni daftari. Kabla hujapokea funguo, omba stoo ihesabiwe mbele yako, orodha iandikwe, msaini wewe na mmoja wao, kila mtu abaki na nakala au picha. Kisha uulize hivi: "Familia ikichukua mali, tunaandika wapi na nani anasaini?"

Jibu la swali hilo huwa linaniambia mengi kuhusu duka. Wakitoa daftari lililochakaa lenye ukurasa wa "nyumbani", hao ni watu wa kufanya nao kazi hata kama hawana mkataba. Wakicheka na kusema, "Hiyo ni yetu wenyewe, usijali," usipokee funguo za stoo. Omba kazi ya mauzo peke yake, au kaa Arusha.

Nitaombaje maandishi bila kuwavunjia heshima?

Usimwombe mzee "mkataba". Wengi wakisikia neno hilo wanaona mahakama. Mwambie unataka msiwe na la kusahauliana. Wafanyabiashara wetu wamekua na methali isemayo mali bila daftari hupotea bila habari. Mzee ataielewa mara moja, kwani ndivyo anavyoendesha madeni yake.

Baada ya kikao, siku hiyohiyo, mtumie mwenye leseni ujumbe wa WhatsApp. Uwe mfupi, wa heshima, na wenye tarakimu. Kijana wetu alituma huu:

"Shikamoo mzee. Asante kwa kunipokea leo pamoja na mama. Naandika nilivyoelewa ili nisikosee. Naanza tarehe 1. Mshahara 450,000 baada ya makato, kila tarehe 30, kwa simu. NSSF tangu mwezi wa kwanza. Saa moja na nusu asubuhi hadi saa moja jioni, Jumapili mapumziko. Chumba cha uani na chakula cha mchana. Kamisheni 30 kwa mfuko wa simenti na asilimia 1 kwa bidhaa ndogo, fedha ikishaingia. Stoo tunahesabu pamoja kabla ya kupokea funguo. Kama kuna nilipokosea, naomba unisahihishe mzee wangu."

Tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, ujumbe wa namna hii unapokelewa kama ushahidi. Usiufute, na ukibadilisha simu uhakikishe umebaki. Kulipwa kwa simu au benki kunasaidia pia, kwa sababu kila mwezi kunabaki tarehe, kiasi na jina la aliyelipa.

Wakijibu nusunusu, nisomeje?

Jibu alilopata kijana lilikuwa hili: "Marahaba mwanangu. Sawa yote. NSSF tutaona na binti akija. Kamisheni ya simenti mama amekubali."

Mimi nililisoma hivi. Mshahara, saa, chumba na simenti vimekubaliwa na mtu sahihi. Mama ametajwa, maana yake wameongea ndani. NSSF haikukubaliwa, imesukumwa kwa binti, na tarehe haipo. Nilimshauri asikubali kuhama mpaka hilo lipate tarehe, kwa kuwa ndilo ambalo lingemgharimu akiba ya 76,000 kwa mwezi. Alipiga simu, akaongea na binti mwenyewe, na binti akaandika: "Mwezi huu." Hapo akaaga Arusha, kwa notisi ya siku 28 kama inavyotakiwa kwa anayelipwa kwa mwezi.

Kimya ni jibu gumu zaidi. Mzee anaweza asijibu kwa sababu hasomi sana simu. Mpe siku 2, kisha pita dukani ukamsomee ujumbe ule mbele ya mtu mwingine, na umtumie tena: "Asante mzee kwa tuliyothibitisha leo dukani." Asiyetaka kuthibitisha hata hivyo, hesabu ahadi zake zote kuwa sifuri isipokuwa mshahara, na ujiulize kama kwa mshahara huo peke yake ungeenda.

Wanasema "ukikaa nasi vizuri tutakupa kiwanja", au "utakuwa mwenzetu". Niithamini kiasi gani?

Kiwanja: sifuri, mpaka kiandikwe. Sheria ya Ardhi inataka makubaliano ya kuhamisha ardhi yawe kwa maandishi, na ile ngao ya mzigo wa ushahidi haifiki huku. Ikiwa ni kihamba, yaani shamba la ukoo, ndiyo kabisa, kwa sababu watoto na ndugu wana neno juu yake hata kama mzee amekupenda kwa moyo. Wanaposema "mwenzetu", uliza hisa ngapi na lini zitaandikwa BRELA. Kama biashara haijawa kampuni, hakuna hisa ya kukupa.

Nimchunguze nani kabla ya kukubali?

Mtafute aliyeshika kazi hiyo kabla yako, umuulize alivyoondoka, siyo alivyofanya kazi. Alilipwa mshahara wa mwisho? Alipewa notisi? Kisha ongea na vibarua wanaoshusha simenti nje ya duka. Waulize masika yaliyopita, miezi ya tatu hadi ya tano ujenzi unapopoa, Jumamosi walilipwa siku hiyohiyo au waliambiwa warudi Jumatatu? Wao ndio wanaolipwa wa mwisho, kwa hiyo wanajua hali ya droo kuliko mtoto wa mzee.

Nimeshaanza bila chochote, na ahadi imevunjwa. Nimechelewa?

Andika leo yote unayokumbuka, na tarehe: nani alisema nini, nani alikuwepo. Tuma ule ujumbe wa "nilivyoelewa" hata kama una miezi 4 kazini. Ofisi ya Kazi ya mkoa inaweza kumtaka mwajiri akuandikie maelezo ya ajira, na mara nyingi simu moja ya afisa kazi inatosha.

Ikishindikana, pa kwenda ni Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo watu wanaiita CMA. Unaanza na usuluhishi kabla ya uamuzi, na huhitaji wakili. Chunga siku: ukiachishwa kazi isivyo halali una siku 30 tangu kuachishwa; kwa mshahara, kamisheni au malipo mengine una siku 60 tangu mgogoro ulipoanza. Ukipita hapo unalazimika kwanza kuomba kuongezewa muda na kueleza kwa nini ulichelewa. Na kama hujafikisha miezi 6 kazini, kinga dhidi ya kuachishwa isivyo halali haikuhusu, ingawa mshahara uliofanyia kazi unabaki haki yako.

Kwa hiyo wakikwambia "tusubiri Desemba familia ikutane" na leo ni mwezi wa tisa, peleka madai yako kwanza ndani ya zile siku 60. Usuluhishi hauwazuii kukutana Desemba.